Pumzi za Soksi

Mwenyekiti alinipa mbwa mbele ya watu, kwa hiyo nikamshukuru mbele ya watu. Ilikuwa siku ya mkutano wa akina mama wa kanisa letu, wiki ya sita tangu nimzike mume wangu. Aliingia amechelewa, yeye ambaye hutufokea tukichelewa dakika mbili, akaweka kikapu juu ya meza ya mbele, palipokuwa na vitabu vya nyimbo. Ndani ya kikapu kikachungulia kichwa cha kahawia chenye masikio marefu yaliyolala.

"Fundi," akasema. Wote huniita hivyo kwa sababu nashona. "Huwezi kukaa nyumba nzima wewe na cherehani tu. Huyu amezaa vya kutosha kwangu, sasa astaafu. Chukua akuliwaze."

"Mzima?" akauliza mhazini wetu, mtu ambaye hata zawadi huigeuza chini juu kabla ya kuipokea.

"Mzima kama chuma! Miaka saba hata chafya haijui. Daktari wa mifugo hajawahi kumshika huyu."

Wakapiga makofi. Mimi nililia, na juma lililofuata nikasimama nikatoa ushuhuda kwamba Mungu ana watu wake, na kwamba alipoona kitanda changu kimekuwa kikubwa mno alimtuma Mwenyekiti. Nasema hivi ili ijulikane nilikuwa nimesimama wapi. Rafiki yangu alikuwa yule. Yeye ndiye aliyenishika mkono kaburini.

Mbwa alikuwa mdogo, wa kubebeka kwa mkono mmoja, na miguu yake minne ilikuwa myeupe hadi kwenye vifundo. Nikamwita Soksi. Siku ya kwanza nilipomwogesha niliona chuchu zake zimelegea bado, kama za mama aliyeachisha juzi. Nikajisemea, maskini, amefanya kazi. Sikuwaza zaidi.

Akawa mwenzangu kweli. Nikishona alilala chini ya cherehani, kidevu kwenye vipande vya kitambaa, na mguu wangu ukikanyaga pedali mkia wake ulifuata. Alfajiri nikipiga magoti kusali, alikaa pembeni yangu kimya mpaka niseme amina, kisha alinyoosha miguu ya mbele kama vile naye amemaliza lake.

Jioni tulitembea. Njia yetu hupanda kilima hadi kwenye tangi la maji, na kando yake zipo nguzo kumi na moja za umeme. Mwaka wa kwanza Soksi alinivuta hadi tangini, nami ndiye niliyehema. Mwaka wa pili, mvua zilipokaribia, alianza kukaa chini kwenye nguzo ya tisa. Anakaa tu, ananitazama, ulimi nje. Nikadhani ni uzee. Baadaye ikawa nguzo ya saba. Halafu ya tano.

Na kikohozi kikaja. Mchana hakikuwapo. Kilikuja usiku, saa moja au mbili baada ya kulala: kikavu, kama mtu aliyekwamwa na mfupa, mara tatu nne, na mwisho anakukurika kana kwamba anataka kutapika lakini hakitoki kitu. Kisha huinuka, huzunguka godoro lake, hulala upande mwingine. Nilikuwa nawasha taa, namsugua mgongo, naomba.

Nilimwambia nani? Nilimwambia Mwenyekiti. Yeye ndiye mwenye mbwa ishirini uani kwake, watu hutoka mbali kuja kuchukua watoto wa mbwa. Ungemuuliza nani mwingine?

"Anakohoa?" akaniuliza. Tulikuwa tunapanga viti baada ya ibada. Aliacha kiti hewani kidogo, halafu akakiweka. "Hilo ni vumbi la vitambaa vyako, Fundi. Wewe mwenyewe ungekuwa unalala chini ya cherehani si ungekohoa?"

"Na kuchoka je? Anaishia nguzo ya tano."

"Umemnenepesha kwa mapenzi. Mlivyo wajane, mkipata wa kumlisha, basi! Mtembeze. Usimwachie akae akae, atakuzoea vibaya."

"Nimpeleke kwa daktari?"

"Wa nini? Wale kazi yao kuchoma sindano. Mpe asali kidogo, mtembeze."

Tukacheka. Nilihamisha cherehani kibarazani, katika mvua zile, nikashona sare za shule nzima bega langu likiwa limeganda kwa baridi, ili Soksi asivute vumbi. Na jioni nilimtembeza. Akikaa, nilivuta kamba. "Twende mvivu wewe, twende." Alikuwa ananitii. Hilo ndilo linalonirudia hadi leo. Alikuwa anainuka na kunitii.

Siku niliyoacha kumsikiliza Mwenyekiti ilikuwa Jumanne mchana. Niliingia ndani kuchukua mkasi nikamkuta Soksi amelala usingizi mzito kwenye godoro lake, na ubavu wake unakwenda mbio. Mimi nimeishi miaka thelathini kwa mdundo wa pedali, kasi ya kitu naijua kwa mguu. Nilisimama pale na mguu wangu ukaanza kukanyaga sakafu wenyewe, ukimfuata, na haukumpata. Mbwa aliyelala alikuwa anapumua kama aliyetoka kukimbizwa. Tangu asubuhi hakuwa ametembea popote.

Nikatoa saa ya marehemu kwenye sanduku, ile yenye mshale wa sekunde. Dakika moja, ubavu ulipanda na kushuka mara hamsini na mbili. Sikujua hamsini na mbili maana yake nini. Nilijua tu kwamba si vumbi.

Nikamfunga kwa kitambaa cha sketi ya mtu, nikatoka.

*

Zahanati ya mifugo ina chumba cha mbele chenye mabenchi na mizani ya sakafuni, na nyuma yake chumba cha meza ya bati. Msaidizi wa daktari ni mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipokea Soksi taratibu, akamtazama ufizi, akasema tusikae kwenye benchi, tupite moja kwa moja.

"Dakika moja tu, mama," akasema. Akatoa kifaa kama pasi ndogo, akakipitisha juu ya mabega ya Soksi. "Hatufungui kadi bila hiki kusoma namba iliyopandikizwa chini ya ngozi. Zamani tulimkabidhi mtu mbwa asiye wake, tukapata aibu."

"Huyu hana kadi kwenu, baba. Hajawahi kuja."

Kifaa kikalia. Mzee akasoma namba, akaingia kwenye kabati la kadi, akarudi na moja. Aliitazama, akamtazama Soksi, miguu yake minne, akaitazama tena. Akaiweka mbele ya daktari akiwa ameifunika kwa kiganja.

Daktari ni mwanamke, wa umri wa binti yangu kama ningejaliwa binti. Hakuigusa ile kadi kwanza. Alivaa kipimo chake masikioni, akakibana ubavu wa kushoto wa Soksi, akafumba macho. Alisikiliza muda mrefu, kifuani, mgongoni, upande wa kulia. Akaniuliza bila kufumbua macho: "Kikohozi ni cha usiku?"

"Ndiyo."

"Na matembezini anakaa chini?"

"Nguzo ya tano. Juzi, ya tatu."

"Amewahi kuanguka akazimia?"

"Hapana."

"Sawa. Njoo usikilize, mama."

Akanivika kile kipimo. Mapigo nilitarajia: du-du, du-du. Badala yake nilisikia kila pigo likiwa na upepo ndani yake, fshuu, fshuu, kama maji yanayorudi kwenye mrija mbovu.

Soksi alichomwa sindano ya kukojosha, akawekwa kwenye kisanduku cha kioo chenye hewa safi ya mtungi. Alipotulia walimpiga picha ya eksirei, haraka, bila kumlaza chali. Daktari akaitundika kwenye taa.

"Moyo una vyumba," akasema, "na kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto kuna kama mlango. Damu ikishapita, mlango hufunga isirudi. Kwa mbwa wadogo wa umri huu, ule mlango mara nyingi huvimba kingo, kama mbao zikinyeshewa, haufungi sawasawa. Kila pigo, damu kidogo inarudi ilikotoka. Huo ndio mlio uliousikia. Moyo unajitanua ili uibebe damu yote. Uone ulivyo mkubwa. Na huu mstari mweusi ni bomba la hewa. Ulipaswa kushuka hivi. Umesukumwa juu."

"Ndiyo maana anakohoa?"

"Ni sababu moja. Ya pili ni huu weupe kama ukungu. Ni maji kwenye mapafu. Damu ikikosa pa kwenda, maji hujipenyeza huku. Mbwa aliyelala hapaswi kuvuta pumzi zaidi ya thelathini kwa dakika."

"Hamsini na mbili," nikasema. Akageuka kunitazama.

"Umehesabu?"

"Kwa saa ya mume wangu."

"Hongera, mama. Ungesubiri hadi Jumapili, tusingekuwa tunazungumza hivi."

Nikasema: "Daktari, vumbi la vitambaa linaweza kuleta hivi?"

"Vumbi? Hapana."

"Na kutembezwa? Nilikuwa namvuta. Kilimani."

Daktari akavua kipimo, akakikunja. "Ugonjwa haukuletwa na kutembea. Hilo usijibebeshe. Ila moyo ukishashindwa, kumlazimisha ni kumwongezea mzigo. Mbwa akikaa chini, muache akae. Yeye ndiye anajua." Halafu akaivuta ile kadi. "Mama, huyu mbwa umempata kwa nani?"

Nikamwambia.

"Kadi ni ya mbwa, na mbwa sasa ni wako. Una haki ya kujua kilichoandikwa." Akanigeuzia.

Nilisoma kwa kidole, polepole, ili nisiruke neno. Jina la mmiliki nililifahamu. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa pili, mwaka ule niliofiwa. Chini yake, kwa mwandiko wa daktari huyu huyu: *Mlio wa moyo, upande wa kushoto, daraja la pili kati ya sita. Hana kikohozi kwa sasa. Apigwe picha. Asizalishwe tena. Atakayekaa naye aangalie kikohozi cha usiku na kuchoka haraka, ahesabu pumzi akiwa amelala. Mwenyewe ameelezwa.* Na mstari wa mwisho, tarehe ya mbele: *Hakurudi kupigwa picha.*

Mwenyewe ameelezwa. Nililisoma hilo mara tatu, nikidhani labda nimekosea nukta.

Mimi nilipewa Soksi mwezi wa saba. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, si pumzi sasa, miezi. Mbwa hubeba mimba miezi miwili. Hunyonyesha karibu miwili mingine. Nikaziona zile chuchu zilizolegea kama nazishika. Aliambiwa mwezi wa pili asimzalishe, akamzalisha mara moja zaidi, akamwachisha, akamtia kwenye kikapu, akaniletea.

"Angepigwa picha wakati ule, ingekuwaje?" nikauliza.

Daktari hakupenda swali, niliona. Lakini alijibu. "Pengine moyo ulikuwa bado haujatanuka, tungemfuatilia tu. Ila kungefika siku umetanuka naye bado hana dalili yoyote. Ipo dawa ya kuupa moyo nguvu ambayo ikianza hapo, humsogezea mbwa siku hii mbele, kwa wengi hata zaidi ya mwaka."

"Mwaka."

"Siwezi kusema ingekuwa hivyo kwake."

"Na sasa?"

"Sasa atatumia hiyo dawa, na ya kukojosha, kila siku, maisha yake yote. Akipita usiku wa leo, tunazungumzia miezi. Wengine hufika mwaka, wengine hupita. Sitakudanganya, mama."

Nikamwambia nashukuru. Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia neno kuhusu Soksi na likawa kweli.

*

Soksi alilala pale, kwenye kisanduku chake. Mimi nilitoka, na miguu ikanipeleka kwa Mwenyekiti badala ya nyumbani.

Nilimkuta uani anaosha mabakuli ya mbwa kwa mpira wa maji, gauni amelikunja kiunoni. Mbwa wote walibweka. Alifurahi kuniona.

"Fundi! Leo umefunga kiwanda? Kaa, nikauke mikono."

"Sikai. Nimekuja kuuliza kitu kimoja."

"Uliza hata viwili."

Nilikuwa nimeomba njia nzima. Sikuomba adhabu yake. Niliomba anijibu kweli, ili angalau kitu kimoja kisalie. "Soksi, alipokuwa kwako, daktari aliwahi kumsikiliza moyo?"

Maji yaliendelea kumwagika kwenye bakuli lililokwisha kujaa. "Kamwe," akasema. "Si nilikwambia? Daktari hamjui. Kwani vipi, bado anakohoa? Ulimpa asali?"

"Mwezi wa pili. Mwaka ule. Kadi imeandikwa."

Akafunga bomba.

"Nani amekuonyesha?"

Hakuuliza mbwa yuko wapi. Hakuuliza kama yu hai. Aliuliza nani amekuonyesha.

"Imeandikwa kwamba mwenyewe ameelezwa," nikasema.

"Elezwa, elezwa! Wale wanasikia milio kila mahali. Mbwa alikuwa anaruka, anakula, anacheza. Daktari mwenyewe alisema anaweza kukaa miaka asione shida. Miaka, Fundi! Nikasema, basi, hiyo miaka aile na rafiki yangu. Nilikuwa nakufikiria wewe. Ulikuwa huli. Ulikuwa umekaa kama gunia."

"Nilikuwa hivyo."

"Sasa kosa langu nini? Ningekwambia ni mgonjwa, ungemkataa, ukarudi kulia na cherehani."

"Nisingemkataa."

"Ungemkataa."

"Nimemuuguza mume wangu miaka minne, nikimgeuza kitandani kila saa mbili. Wewe ulikuwa unakuja kuniona nikimgeuza. Ndiyo ukaona nitamkataa mbwa kwa sababu ya mlio?"

Akaanza kupanga mabakuli.

"Ningemchukua," nikasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Ningemchukua, na usiku wa kwanza alipokohoa ningejua. Umeniachia kila kitu, kamba, bakuli, blanketi. Neno moja tu ndilo ulilobaki nalo."

"Nilisahau, basi. Binadamu husahau."

"Na asali? Na vumbi? Nimeshona kibarazani mvua nzima, dada. Ulipita ukaniona. Ukasema pole na baridi."

Alilikunjua gauni kutoka kiunoni.

"Na kumtembeza," nikasema. "Hilo nieleze, maana nimelizungusha kichwani nikashindwa. Ulijua. Kwa nini uliniambia nimtembeze?"

"Ningesema nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na nadhani ilikuwa ya kweli kwa mara ya kwanza. "Ningesema usimtembeze, ungeuliza kwa nini."

Nikaondoka. Sikufunga lango kwa nguvu. Nililirudishia komeo lake taratibu, kwa sababu ya mbwa.

*

Soksi alipita usiku ule, na uliofuata. Siku ya tatu nilimrudisha nyumbani kifuani, mwepesi kuliko nilivyompeleka. Na ule unene nilioambiwa ni wa mapenzi, mzee wa miwani aliniambia hakuwa mnene hata kidogo.

Kwanza niliirudisha cherehani ndani. Dawa ya moyo nampa asubuhi na jioni kabla ya kula, saa nzima kabla. Ya kukojosha inamfanya anywe maji kama ng'ombe na kutoka nje kila mara, na sithubutu kumnyima maji. Nikiona kidimbwi sakafuni nafuta, namwambia hewala bibi, endelea. Matembezi yetu ni hadi nguzo ya pili. Akikaa, nami nakaa, ukingoni mwa barabara, watu wanapita wanatuamkia. Mhazini alitukuta hivyo. Aliniuliza nini, nikamwambia moyo. Akanitazama, akamtazama Soksi, akasema polepole, "Mzima kama chuma." Mkutanoni sikurudi. Sikuenda kusema na sikuenda kunyamaza.

Kila siku akishalala usingizi mzito baada ya chakula cha mchana, natoa saa ya marehemu, nahesabu pumzi dakika nzima, naandika kwenye daftari. Kupanda na kushuka ni pumzi moja, daktari alinisisitizia, maana wapo wanaohesabu mbili wakaja mbio wakilia. Ishirini na sita. Ishirini na nne. Ikipita thelathini, nahesabu tena baada ya muda. Ikibaki juu, naenda, sisubiri mtu aniambie.

Nilikuwa katika kuhesabu huko, Alhamisi, mlango ulipogongwa na kufunguliwa bila kusubiri. Mtu mmoja tu huingia kwangu hivyo. Niliinua kidole bila kugeuka, maana nilikuwa kwenye kumi na tisa.

Alisimama. Nilisikia anahema kwa sababu ya ngazi. Mshale ukafika juu. Ishirini na saba. Nikaandika, nikafunga daftari, ndipo nikamtazama.

Alikuwa na kikapu. Kile kile.

"Fundi," akasema. "Siwezi kulala. Nimekuja tuyamalize." Akafunua kitambaa. Ndani mtoto wa mbwa, wa kahawia, masikio yamelala, miguu miwili ya mbele myeupe. "Huyu ni wako. Huyu sasa ni mzima, naapa. Daktari amemsikiliza juzi, moyo safi. Waulize wenyewe."

Nilimtazama yule mtoto. Alipiga miayo. Sijui kama kuna kiumbe aliyewahi kunitia hamu ya kunyoosha mikono kama yule.

"Mama yake ni nani?" nikauliza.

"Wa kwangu pale uani."

"Yupi?"

"Ah, Fundi. Huyu mzima nimekwambia."

"Daktari amenieleza. Ugonjwa huu hufuata ukoo, na kwa mtoto hausikiki, huja ukubwani. Wa kusikilizwa ni mama, na bibi. Mama yake ni nani?"

Hakuwa na haja ya kunijibu. Miguu ile niliijua. Jike mwenye miguu ile uani kwake ni mmoja tu, binti wa Soksi wa ule uzao wa mwisho, wale waliozaliwa baada ya daktari kusema asizalishwe.

Ndipo Soksi alipoamka. Alisikia ile sauti, akainua kichwa, na mkia ukaanza kupiga godoro. Alishuka, akavuka chumba polepole na miguu yake minne myeupe, akaenda kwa Mwenyekiti. Akamlamba mkono. Alimlamba kwa mapenzi yote, kiganja na mgongo wa kiganja, kama mtu aliyerudi safari. Hakujua kitu. Mwenyekiti akaanza kulia.

Nilimuonea huruma. Nasema kweli mbele za Mungu, nilimuonea. Lakini huruma ile ilikuwa kama ya kumuona mtu barabarani.

"Mrudishe huyo," nikamwambia. "Na mama yake umpeleke akasikilizwe, na ndugu zake wote. Na waliowachukua uwaambie, nyumba kwa nyumba, kwa mdomo wako. Kikohozi cha usiku. Kuchoka njiani. Ni maneno machache tu."

"Nikifanya hivyo, utanisamehe?"

"Fanya kwanza kwa ajili yao."

"Tuombe basi, Fundi. Tushikane mikono tuombe kama zamani."

Nilikuwa nimeshapiga magoti, ila ni kumwinua Soksi. Ubavu wake ulikuwa umeanza kwenda haraka kwa ile furaha. Nikamrudisha kwenye godoro, nikakaa chini kando yake, kiganja mgongoni.

"Leo siwezi," nikasema. "Atalala sasa hivi. Nitahesabu tena, na nikihesabu siongei."

Nikasikia kitambaa kikifunikwa juu ya kikapu, na hatua zikashuka ngazi. Soksi aligeuza kichwa kuelekea mlangoni, akasubiri, akasubiri, hadi macho yakamlemea.

Nikatoa saa.